Usilipe Deni Lote Kabla ya Kuomba Ratiba na Mkataba

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jirani yangu, alinijia jioni moja na kikaratasi chenye namba moja iliyoandikwa kwa kalamu: 5,205,936. Alikuwa ameuza kipande cha shamba la urithi, na wazo lake la kwanza lilikuwa kumalizana na benki inayomkata mshahara. Alikwenda kuuliza anadaiwa kiasi gani, kijana wa dirishani akatazama kompyuta, akamwandikia hiyo namba.

"Dada," akaniambia, "nilikopa milioni sita kwa miaka mitatu. Nimekatwa mwaka mzima bila kukosa mwezi. Hata hesabu ya darasa la nne inaniambia nibaki na milioni nne. Hii milioni tano na laki mbili imetoka wapi?"

Niliwahi kukaa upande wa pili wa ile meza, nikiwa afisa mikopo, kwa hiyo sikushangaa. Nilimuuliza makato yake ya mwezi ni kiasi gani. Akafungua hati ya mshahara: 216,914. Nikagawa namba ya kwenye kikaratasi kwa hiyo, ikatoka 24 kamili. Kijana wa dirishani hakuwa amempa salio la deni. Alikuwa amezidisha makato ya mwezi kwa miezi iliyobaki, na ndani ya makato hayo kuna riba ya miezi 24 ambayo bado haijafika.

Je, benki ina haki ya kudai riba ya miezi ambayo haijafika? Jibu linategemea mkataba. Na kujua riba hiyo ni kiasi gani kunategemea ratiba ya marejesho. Mwalimu hakuwa na hata kimoja. Siku ya kukopa alisaini kurasa nyingi kwa haraka, akaambiwa nakala yake atapewa meneja akishasaini, naye hakurudi kuifuata. Wakopaji wengi niliowahudumia walifanya hivyohivyo, na ninakiri kwamba sisi tuliokuwa mezani hatukuwakimbiza.

Tuanze na ratiba. Hili ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mwezi wa mkopo, nalo huonyesha tarehe, salio la kuanzia, kiasi unacholipa, sehemu ya malipo hayo inayokwenda kwenye riba, sehemu inayopunguza deni la msingi, na salio linalobaki. Wafanyakazi wa benki wengi huliita shedyuli. Ukiomba "taarifa ya mkopo" utapewa kitu kingine kabisa, yaani orodha ya miamala iliyokwisha kupita, kwa hiyo litaje kwa jina lake.

Mkopo wa mwalimu ulikuwa wa 6,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni asilimia moja na nusu ya milioni sita, ambayo ni 90,000. Katika 216,914 aliyokatwa, kilichopunguza deni ni 126,914 tu. Mwezi wa pili salio limeshuka hadi 5,873,086, riba inakuwa 88,096, na kinachopunguza deni kinapanda kidogo. Mambo huendelea hivyo mpaka mwezi wa 36, ambapo riba ni kama 3,200 tu na karibu makato yote yanakula deni. Makato hayabadiliki, ila tumbo lake linabadilika kila mwezi.

Ndiyo maana mwalimu hakuweza kubaki na milioni nne. Katika mwaka wa kwanza alikatwa 2,602,968, na kati ya hizo 947,851 zilikuwa riba. Deni lilipungua kwa 1,655,117, likabaki 4,344,883. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa na kosa, na ya kijana wa dirishani nayo ilikuwa na kosa, tena kubwa zaidi. Kati ya salio hilo na namba ya kwenye kikaratasi kuna 861,053, ambayo yote ni riba ya siku zijazo.

Kwa hesabu hii huhitaji kumwamini mtu. Ukiwa na programu yoyote ya majedwali kwenye kompyuta au simu, andika mistari hii miwili, ukiweka namba zako mahali pa za mwalimu:

```
=PMT(0.18/12,36,-6000000)
=PV(0.18/12,24,-216914.37)
```

Wa kwanza unakupa makato ya mwezi. Wa pili unakupa salio ikiwa imebaki miezi 24. Tofauti ya shilingi chache isikusumbue, ni ya kuzungusha senti, na kwa kawaida hurekebishwa kwenye malipo ya mwisho. Tofauti ya maelfu ndiyo ya kuulizia.

Ratiba ikishafika mkononi, kabla ya kitu kingine chochote tembeza kidole kwenye safu ya riba kutoka juu hadi chini. Ikiwa namba zinashuka, riba yako inatozwa kwenye salio linalopungua. Ikiwa ni ileile mwezi hadi mwezi, una mkopo wa riba isiyopungua, ile ambayo mitaani huitwa riba ya flati: inapigwa kwenye kiasi ulichokopa siku ya kwanza, hata ukiwa umebakiza kulipa mwezi mmoja. Hapo ndipo matangazo huwapoteza watu. Milioni sita kwa asilimia 10 ya flati, miaka mitatu, inazaa riba ya 1,800,000 na makato ya 216,667 kwa mwezi. Ni karibu sawasawa na mkopo wa mwalimu wa asilimia 18. Mtu anayeona 10 kwenye bango akadhani amepata nafuu kuliko jirani yake wa 18 hajapata nafuu yoyote, ila amepewa namba iliyopigwa kwa njia nyingine. Na kama ni asilimia 18 ya flati kweli, makato yangekuwa 256,667.

Jambo la pili la kutazama ni mstari wa kwanza wa ratiba. Salio la kuanzia ni kiasi gani, na wewe uliingiziwa kiasi gani kwenye akaunti? Mara nyingi ratiba huanza na milioni sita wakati mkopaji alipokea pungufu, kwa sababu ada ya kushughulikia mkopo na bima vilikatwa juu kwa juu. Hilo linaweza kuwa halali, lakini liwe limeandikwa kwenye mkataba. Kama ulikopa tena kabla ya kumaliza mkopo wa zamani, salio la kuanzia litakuwa limebeba deni la zamani pia, na hapo ndipo utakapogundua kama mkopo wa zamani ulifungwa kwa salio halisi au kwa makato yote yaliyobaki, kama alivyokaribia kufungiwa mwalimu. Waliokopa juu ya mkopo mara tatu au nne wanastahili kuomba ratiba ya kila mmoja.

Tazama pia tarehe. Mkopo ukitoka tarehe 5 Machi na mwajiri akaanza kukata mwishoni mwa Aprili, kuna karibu miezi miwili ya riba kabla ya makato ya kwanza. Benki nyingine huongeza riba hiyo kwenye deni, nyingine husogeza mwisho wa mkopo. Ratiba uliyopewa siku ya kusaini inaweza kuwa ilidhani utaanza kukatwa Machi. Kwa hiyo omba ratiba mbili: ile ya awali, na ile inayotumika sasa kwenye mfumo. Zikiwa hazifanani, ulizia kilichobadilika, lini, na kwa barua gani.

Sasa mkataba. Ratiba inasema hesabu imepigwaje. Mkataba ndio unaosema kwa nini imepigwa hivyo. Ukitaka kulipa mapema, tafuta kifungu cha kulipa kabla ya muda. Humo mtakuwa na jambo moja kati ya haya: unalipa salio na riba ya siku zilizopita tu, au unalipa salio pamoja na tozo ya asilimia fulani, au, hasa kwenye mikopo ya flati, unalipa riba yote kana kwamba umekaa mpaka mwisho. Kisha soma kifungu cha kubadilisha riba: je, benki inaweza kuipandisha, na ikipandisha inakupa taarifa ya siku ngapi? Kisha adhabu ya kuchelewa, na inapigwa kwenye nini, kwenye makato yaliyochelewa au kwenye deni lote. Mkopo wa dhamana ya nyumba ya familia uwe na fomu ya ridhaa ya mwenzi wa ndoa kati ya viambatisho. Isipokuwepo kwenye nakala, ulizia kwa maandishi.

Kwa nini nakala iliyothibitishwa, na si fotokopi ya kawaida? Kwa sababu fotokopi isiyo na muhuri inaweza kukanwa kesho na mtu yuleyule aliyekupa leo. Nakala iliyothibitishwa ina maneno yanayosema kwamba ni nakala sahihi ya hati halisi, yakifuatiwa na jina kamili la aliyethibitisha, cheo chake, saini, tarehe na muhuri wa ofisi. Hapa kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi: mkopaji huenda na fotokopi yake kwa wakili ili igongwe muhuri. Wakili anayefuata taratibu atamuuliza hati halisi iko wapi, maana hawezi kuthibitisha kufanana na kitu ambacho hajakiona. Kama hati halisi iko kwenye kabati la benki, anayeweza kuithibitisha bila mzunguko ni benki yenyewe.

Ukipewa nakala, usiondoke dirishani kabla ya kuhesabu kurasa. Mkataba wa mkopo kwa kawaida ni mkusanyiko wa vitu: barua ya ofa, masharti ya jumla yaliyochapwa kwa herufi ndogo, fomu ya idhini ya makato kwa mwajiri, cheti au masharti ya bima, fomu za wadhamini. Mara nyingi utapewa barua ya ofa peke yake yenye kurasa mbili, na kifungu unachokitafuta kikawa kwenye masharti ya jumla ambayo hayakufotokopiwa. Hakikisha kila ukurasa una muhuri au saini fupi, maana muhuri wa ukurasa wa mwisho hauzuii ukurasa wa katikati kubadilishwa. Tazama kama pande zote mbili zimesaini. Na tazama nafasi zilizokuwa wazi siku ya kusaini. Kama wewe ulisaini fomu yenye pengo la riba na sasa pengo limejazwa kwa mwandiko usio wako, hilo ni la kuandikia barua siku hiyohiyo.

Ombi lenyewe lifanye kwa barua. Simu na maneno ya mdomoni hayaachi alama, na afisa aliyekuahidi anaweza kuhamishwa tawi wiki ijayo. Barua ya mwalimu ilikuwa fupi, na mwili wake ulisema hivi:

"Mimi ni mkopaji wenu mwenye akaunti na mkopo wenye namba zilizotajwa hapo juu, uliotolewa tarehe iliyotajwa. Naomba nipatiwe: nakala iliyothibitishwa ya mkataba wangu wa mkopo, kurasa zote, pamoja na barua ya ofa, masharti ya jumla na viambatisho vyote nilivyosaini, ratiba ya marejesho ya awali na inayotumika sasa, inayotenganisha deni la msingi, riba na ada kwa kila mwezi, taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kutolewa, na barua inayoonyesha kiasi cha kumaliza deni kufikia tarehe niliyoitaja, ikieleza kimepatikanaje. Kama kuna ada ya kutoa nyaraka hizi, naomba nijulishwe kiasi na kifungu kinachoiruhusu. Naomba majibu ndani ya siku 7 za kazi."

Siku 7 tulizichagua sisi. Ni muda wa heshima, na mwenye kutaka zaidi anaweza kuandika kuuomba. Hakueleza kwamba ameuza shamba wala kwamba anashuku hesabu. Sababu haihitajiki, na ukiieleza unaalika mjadala wa sababu badala ya nyaraka. Alichapa nakala mbili, akaambatisha kopi ya kitambulisho. Moja akaiacha, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na jina la aliyepokea. Ofisi ikikataa kugonga muhuri, tuma barua kwa baruapepe rasmi ya tawi na ya kitengo cha huduma kwa wateja, ukiambatisha picha ya barua iliyosainiwa.

Majibu ya kukwepa yana sura chache zinazojulikana. "Mfumo uko chini" ni la kweli kwa siku moja, si kwa wiki mbili. "Mikataba iko makao makuu" nalo linaweza kuwa la kweli, kwa kuwa benki nyingi hutunza hati halisi sehemu moja. Basi omba wakuandikie lini itafika. "Ratiba haitolewi kwa mteja" si jibu, kwa kuwa mfumo unaokukata kila mwezi unafuata ratiba hiyohiyo. Linalonichekesha, kwa kuwa nami niliwahi kulitoa nikiwa mgeni kazini, ni hili: "Mkataba wako ulishapewa siku ile." Mjibu kwa upole kwamba unaomba nakala nyingine na uko tayari kulipia uchapaji.

Kwa Tanzania, Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aweke wazi riba, ada na masharti, na awe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Mpangilio ni kwamba unaanza na mtoa huduma mwenyewe, na ukishindwana naye ndipo unapanda Benki Kuu. Hapo ndipo ile nakala yenye muhuri wa kupokelewa inapofanya kazi, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulilalamika kwao na lini. Waliokopa kwenye kampuni ya mikopo isiyopokea amana wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo nayo inasimamiwa na Benki Kuu. Kwa chama cha akiba na mikopo, msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Jambo likifika mahakamani, kanuni ya ushahidi ni kuleta hati yenyewe, na nakala hukubaliwa kwa sababu maalumu, mojawapo ikiwa hati halisi iko mikononi mwa mpinzani wako ambaye ametakiwa kuileta akagoma. Barua zako za kuomba zinaonyesha kwamba ulimwomba mapema.

Mdhamini naye ana haki ya nakala ya hati ya dhamana aliyosaini yeye, ila taarifa za akaunti ya mkopaji benki inaweza kumnyima bila ridhaa ya mkopaji, kwa hiyo ni vyema barua isainiwe na wote wawili. Kwa marehemu, anayeomba ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya uteuzi kutoka mahakamani, na kabla ya familia kulipa hata shilingi, aombe masharti ya bima ya mkopo pamoja na mkataba. Mikopo mingi ya mshahara ina bima inayomaliza deni mkopaji akifariki, na mkopaji mwenyewe ndiye aliyeilipia.

Mwalimu alijibiwa siku ya tisa, baada ya kurudi mara mbili. Nakala ya kwanza ilikuwa ya barua ya ofa tu. Akairudisha, akapewa kurasa 14. Kifungu cha kulipa mapema kilikuwa kwenye masharti ya jumla, ukurasa wa tisa: salio la deni la msingi, riba mpaka siku ya malipo, na tozo ya asilimia 2 ya salio. Asilimia 2 ya 4,344,883 ni 86,898. Jumla 4,431,781, kama angelipa siku ileile ya makato ya mwezi wa 12. Alichelewa siku 10, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa na riba ya kama 2,143, kwa hiyo ikaongezeka 21,427. Meneja wa tawi alizitazama namba hizo kando ya kikaratasi cha dirishani, akasema kijana alimwonyesha safu isiyo yenyewe kwenye kompyuta. Labda. Akasaini barua ya kiasi cha kumaliza deni: 4,453,208, ikiwa na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Alilipa kwa kuingiza kwenye akaunti ya mkopo, akaandika namba ya mkopo kwenye stakabadhi, kisha akaomba barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Nakala ya barua hiyo aliipeleka kwa afisa utumishi wa halmashauri siku hiyohiyo, maana mishahara ya mwezi ilikuwa inaandaliwa na makato hayajui kwamba deni limefungwa mpaka mtu ayaambie. Hata hivyo makato ya mwezi mmoja yalipita. Ile 216,914 ilirudishwa baada ya wiki tatu, kwa barua nyingine, yenye nakala mbili na muhuri wa kupokelewa.